Neno lililokopwa kutoka Kiingereza linaishia na -i au -u? Angalia midomo

Jana nikisahihisha tangazo la duka nilikuta "stempi" na "benku", na dawa yake ni ndogo tu. Litamke neno la Kiingereza kwa sauti, usikilize konsonanti ya mwisho (usiangalie herufi, maana Kiingereza huandika e isiyotamkwa). Ikiwa ni p, b, m, f au v, malizia kwa -u: stempu, klabu, timu, chifu, glavu. Nyinginezo nyingi huchukua -i: benki, keki, tiketi, basi, hoteli. Sababu ni midomo: sauti hizo tano hutoka midomoni, na u nayo hutamkwa kwa midomo iliyokunjwa, kwa hiyo hufuata kirahisi.

Filamu imepata hata -a- katikati, kwa kuwa l na m zikibanana ulimi wetu unakwama.

Kanuni hii inashindwa kwa maneno kama dereva, meneja na sweta, ambayo Waingereza huyamalizia kwa sauti hafifu ya "a". Hayo huchukua -a. Buku nalo linaishia -u baada ya k, likiigiza irabu ya kwanza. Ukisita, fungua kamusi.