Theluthi kwenye baineri: igeuze kwa mkono uone inavyojirudia

Juzi kijana mmoja ofisini kaniletea laptopu, ananiambia "kaka hii Python imeharibika", kaandika 0.1 + 0.2 imemjibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Chukua kalamu na karatasi tuanze na theluthi, hiyo moja ya kumi tutaifikia.

Kwanza, nafasi baada ya nukta. Fikiria muuza duka mwenye mizani na mawe ya nusu kilo, robo, nusu robo, afu nusu ya hiyo, anashuka hivyo hivyo na kila jiwe analo moja tu. Baineri ndo hiyo: ukiweka jiwe unaandika 1, usipoweka unaandika 0. Sasa mteja anataka theluthi ya kilo kamili. Nusu imezidi, andika 0. Robo inaingia, andika 1, na kilichobaki kupimwa ni 1/3 toa 1/4, yaani 1/12. Hebu iangalie vizuri hiyo 1/12, ni theluthi ya robo! Yaani umerudi kwenye swali lile lile, ila dogo mara nne, kwa hiyo utaandika tena 0 na 1, utabaki na theluthi ya kitu kidogo zaidi, na mawe hayatakaa yatoshe hata ukikesha hapo dukani.

Pili, njia ya haraka. Hesabu za kutoa sehemu zinachosha, mimi nafanya hivi: zidisha kiasi (namba ya juu) kwa 2, kikiwa kidogo kuliko asili, yaani namba ya chini, andika 0, kikifika au kuzidi andika 1 afu toa asili, baki ndo unaenda nalo. Theluthi:

```
1 x 2 = 2   andika 0, baki 2
2 x 2 = 4   andika 1, baki 1
```

Baki limerudi 1, pale tulipoanzia, kwa hiyo 0.010101... bila mwisho. Wengi wanakosea hapa, wanaandika 1 wanasahau kutoa asili, mstari unaofuata baki linakuwa kubwa kuliko asili. Ukiona hivyo rudi nyuma.

Jaribu 3/8: 3 inakuwa 6, andika 0, 6 inakuwa 12, andika 1, baki 4, 4 inakuwa 8, andika 1, baki 0. Imeisha, 0.011, na ukihakiki ni robo jumlisha nusu robo.

Tatu, moja ya kumi.

```
1 -> 2    0
2 -> 4    0
4 -> 8    0
8 -> 16   1, baki 6
6 -> 12   1, baki 2
```

Baki 2 tulishaiona mstari wa kwanza, so kuanzia hapo ni 0011 0011 0011 milele: 0.00011001100110011... Ile 0 ya mwanzo haimo kwenye mzunguko kwa sababu 10 ni 2 mara 5, ile 2 inakula nafasi moja inaisha, kinachozunguka ni 5.

Na hapo ndo sababu yenyewe ilipo. Baki siku zote ni dogo kuliko asili, kwa asili ya 10 una 0 hadi 9 tu za kuchezea, kwa hiyo lazima ufike 0 au ugonge baki ulilokwishapita, na ukiligonga yanayofuata ni yale yale. Kufika 0 kunawezekana tu kama asili imejengwa kwa 2 tupu (2, 4, 8, 16...), maana kazi yetu yote ni kuzidisha kwa 2, na kuzidisha kwa 2 hakuwezi kuifuta 3 wala 5 iliyoko chini. Ila rahisisha sehemu kwanza, 3/6 inakutisha na ile 6 kumbe ni nusu tu, kwa baineri 0.1 basi.

Nne, ione kwenye mashine. Kompyuta haina karatasi isiyoisha, namba hizi za desimali kwa kawaida zinapewa biti 53, zinazozidi zinakatwa na kukadiriwa:

```python
>>> (1/3).hex()
'0x1.5555555555555p-2'
>>> (0.1).hex()
'0x1.999999999999ap-4'
```

Kila alama baada ya nukta, kabla ya `p`, ni biti nne. 5 ni 0101, ndo theluthi yetu. 9 ni 1001, mzunguko wetu wa 0011 uliosogezwa kidogo, na ile `a` ya mwisho ni 9 iliyokadiriwa kwenda juu, kwa hiyo 0.1 ya kompyuta ni kubwa kidogo kuliko moja ya kumi halisi. 0.2 nayo imezidi vile vile, na jumla yao ikakadiriwa juu tena, ndo ile 4 iliyomtoa kijana jasho. Nilimwambia kama ni pesa ahesabu kwa senti, namba kamili, na aache kulinganisha desimali kwa `==`.