Namna ya kuandaa maombi ya vibao vya kuelekeza wagonjwa kituoni

Dokezo la kuomba vibao huwa linarudi mezani kwako kwa sababu umeandika "tunaomba vibao 20", na mganga mfawidhi hajui vitakaa wapi. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, chora ramani ya kituo kwenye karatasi, kisha anzia getini ukatembee kama mgonjwa mgeni: mapokezi, kwa daktari, maabara, kwa daktari tena, dirisha la dawa, getini. Kila unaposimama kujiuliza kushoto au kulia, weka alama ya X na uipe namba.

Usiruke safari ya kurudi. Mimi nilipata X 11, na nne zilikuwa kwenye njia ya kutoka maabara. Huko hapakuwa na kibao hata kimoja. Wagonjwa walishika majibu mkononi wakichungulia mlango kwa mlango.

Sasa kila X iandikie mstari wake kwenye jedwali. Na. 3 kwangu ni njia panda baada ya mapokezi, na niliijaza hivi: kibao cha kuning'inia, ukingo wa chini mita 2.1 kutoka sakafuni ili kisigonge watu vichwa. Mshale wa kushoto unakaa ukingo wa kushoto, pamoja na picha ya darubini na neno "Maabara". Mshale wa kulia unakaa ukingo wa kulia, pamoja na vidonge na "Dirisha la Dawa". Kinasomwa kutoka mita 16, hivyo herufi ni za sentimita 5. Mimi hukadiria sentimita 2.5 kwa kila mita 8.

Vibao vya vyumba vifungwe ukutani upande wa kitasa, vyote mita 1.5 kutoka sakafuni. Ukikibandika kwenye mlango wenyewe, mlango ukiachwa wazi hakionekani. Rangi za kijani na nyekundu ziachie njia za dharura na vifaa vya kuzimia moto. Jina nalo liwe moja: karani akisema "dirisha la dawa", kibao kisiseme "Famasi". Kliniki ya wanaotumia dawa za VVU mimi huipa namba ya chumba tu, maana si kila mtu anataka ukumbi mzima ujue anakoelekea.

Chapisha vibao vyote kwenye karatasi za A4, vibandike kwa selotepu wiki moja, ukae karibu na mapokezi uhesabu wanaouliza njia. Picha isiyoeleweka ibadilishe hapo hapo, ingali ya karatasi.

Kisha andika dokezo la ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi, uambatishe ramani, jedwali na ankara kifani ya fundi vibao, ili alipeleke kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Siku ya kufunga uwepo na ramani yako, kwani fundi akiachwa peke yake atatundika palipo na msumari.