Mwombaji aliyepotea miezi mitano amerudi: namna ninavyomjibu

Saa 3:40 usiku, siku ya Jumanne, simu yangu ililia: "Habari dada. Samahani sana kwa ukimya. Ile nafasi ya uhasibu bado ipo?"

Aliyeandika nilimfahamu mara moja. Miezi mitano nyuma alikuwa amepita usaili wote wa nafasi ya mhasibu mwandamizi hapa Dar es Salaam. Barua ya ajira ilimfikia Ijumaa, akaniambia Jumatatu ataisaini. Jumatatu simu iliita bila kupokelewa, meseji zikapata tiki mbili za bluu, kisha kimya. Mwajiri aliyekuwa akimsubiri, mteja wa ofisi yetu ya kuwatafutia waajiri wafanyakazi, alinipigia mara tatu siku ileile, na mara ya tatu hakuwa na maneno mazuri.

Kwa hiyo ninapoeleza namna ya kumjibu mtu kama huyu kwa moyo mweupe, usidhani sikuumia. Niliumia, ila nina utaratibu, na nitautumia ujumbe wake kuuonyesha hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Fungua faili kabla hujajibu

Usijibu kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya afisa ajira huhifadhi simu zisizopokelewa na husahau ahadi alizotoa mwenyewe. Tafuta kitu kimoja tu: nani alikuwa wa mwisho kudaiwa jibu?

Nilijifunza hili kwa aibu. Kuna kijana niliwahi kumjibu kwa ukali kwamba "hukujibu barua pepe yangu," naye akanitumia picha ya jibu alilolituma siku mbili baada ya usaili. Lilikuwa kwenye kapu la barua taka, upande wangu. Miezi yote ile kila mmoja wetu alikuwa akimsubiri mwenzake. Tangu hapo ninakagua kapu lile, ninapitia meseji zote, na ninawauliza wenzangu ofisini kama kuna aliyeongea naye. Mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, aliyenyamaza kwanza ni sisi: tulisema "tutakujulisha wiki ijayo" na wiki ijayo haikufika. Ukikuta hivyo, wewe ndiye wa kuomba radhi, tena kwenye mstari wa kwanza.

Angalia pia namba. Akija na laini mpya, usianze kutaja mshahara wala jina la mwajiri aliyemtaka. Mwambie tu akutumie neno kupitia barua pepe aliyoombea kazi, kisha mwendelee. Watu hubadilisha laini, na laini za zamani hupewa watu wengine.

Kwa mhasibu wangu, faili lilisema wazi: jibu lilidaiwa kwake, hatua aliyofikia ni barua ya ajira, na maoni yangu baada ya usaili yalikuwa mazuri. Hayo ya mwisho ndiyo niliyahitaji zaidi, kwa sababu yaliandikwa kabla sijaudhika.

Hatua ya 2: Jibu kesho yake asubuhi, palepale alipokutafuta

Usimweke siku nne ili naye aonje. Tumia njia aliyoitumia yeye. Aliyekuja kwa WhatsApp ukimjibu kwa barua pepe yenye nembo ya kampuni ataisoma kama barua ya onyo. Usiku ule sikujibu, kwa kuwa meseji ya kazi saa nne usiku huanzisha maongezi ambayo wote wawili hatukuwa na nguvu nayo. Nilijibu saa 2:30 asubuhi.

Kumpigia simu ghafla nako sikushauri. Ameandika kwa sababu kuandika kumemsaidia kuificha sauti yake. Mpe muda ajipange.

Hatua ya 3: Salamu, na tahadhari na neno "umepotea"

Hapa ndipo wengi huharibu bila kujua. Kwetu "umepotea sana!" ni salamu ya upendo, tunaambiana kila siku sokoni na msikitini. Ila kati ya mwenye kazi na mwenye shida ya kazi, neno hilo hubadilika likawa mashtaka. Vivyo hivyo "tulikutafuta sana" au "nilidhani umepata pazuri ukatusahau". Hata ukiongeza kicheko mwishoni, yeye atasikia kisu kilicho ndani. "Za siku nyingi" inatosha. Inakiri kwamba muda umepita bila kusema ni kosa la nani.

Na kama ameomba samahani, ipokee. Samahani iliyoachwa bila jibu, kwa adabu zetu, maana yake mtu bado ana kinyongo. Ipokee kwa maneno mawili, mara moja, kisha songa mbele: "Usijali kabisa." Usiandike "nimekusamehe", kwa kuwa hapo umeshamhukumu kwanza ndipo ukamwachia. Wala usiandike sentensi nne za kumfariji, kwani zitamlazimu aombe radhi upya.

Akija na habari ya msiba au ugonjwa, mambo ya kazi yasubiri. Mpe pole kamili kama unavyompa jirani, na uishie hapo kwa siku hiyo. Usimuulize msiba ulikuwa lini ili upige hesabu kama unalingana na tarehe alizopotea. Nimewahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Hatua ya 4: Mwambie ukweli kuhusu nafasi ile

Ukarimu bila taarifa ni mzigo. Kama nafasi imejazwa, sema imejazwa, na iseme mapema ndani ya ujumbe ili asisome kwa matumaini hadi mwisho. "Tutakutafuta ikitokea kitu" usiiandike kama huna kitu, maana unapanda mbegu ya kimya kingine, na safari hii kitakuwa chako.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia:

"Habari za asubuhi dada, na za siku nyingi. Nimefurahi kuona meseji yako, na usijali kabisa kuhusu ukimya. Ile nafasi ya mhasibu mwandamizi ilishapata mtu, kwa hiyo imefungwa. Ila usaili wako naukumbuka vizuri na ningependa tuongee. Kwa sasa unatafuta kazi ya aina gani? Ukipata wasaa, dakika kumi zinatosha: leo saa 7 mchana au Alhamisi saa 2 asubuhi, chagua wewe."

Swali ni moja, nalo linahusu leo. Hakuna "nini kilitokea?" Muda wa kuongea nimeupa saa, kwa sababu mtu mwenye aibu ukimwambia "nipigie wakati wowote" hatapiga.

Hatua ya 5: Kwenye simu, uliza kinachokuja

Alichagua Alhamisi. Sababu yake aliisema mwenyewe dakika ya pili, sikuiomba. Mwajiri wake alipoona barua ya kuacha kazi alimwongezea mshahara akabaki. Akaona haya kunieleza, na kila siku iliyopita aibu ikaongezeka uzito. Baadaye ikaonekana nyongeza ile ililetwa kama posho, na posho ikakatwa kwenye mwezi wa tatu tangu aanze kuipokea.

Hadithi hii nimeisikia kwa sura nyingi. Nyingine inayofanana nayo ni ya aliyekwenda kwingine, na muda wa majaribio, ambao mara nyingi ni miezi mitatu au sita, ukaisha vibaya. Ndiyo maana wengi hurudi kwenye kipindi hichohicho.

Kama aliyepotea alifikia tu kutuma maombi au simu ya kwanza, sababu haikuhusu, ipite. Alipofikia barua ya ajira, unahitaji kujua jambo moja kwa ajili ya kazi: je, litajirudia? Nilimuuliza hivi: "Tukianza upya, na mwajiri wako akakuongezea tena, utafanyaje?" Alinyamaza kidogo, akasema kwamba angependa safari hii aijue hesabu ya mshahara kabla ya usaili, siyo kwenye barua. Jibu hilo lilinisaidia kuliko kiapo chochote cha "sitarudia".

Kisha nikapitia yaliyochakaa. Mshahara wa zamani usiutegemee, na wadhamini wake waulize upya kama bado anawataka. Notisi iangalie kwenye mkataba wake: kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka isipungue siku 28, lakini mikataba ya wahasibu waandamizi wakati mwingine ina siku nyingi zaidi. Mwisho nikamwomba ruhusa ya kuutumia tena wasifu wake, na nikataka anitumie mpya. Alinipa taarifa zake kwa ajili ya nafasi ile moja, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kazi, kuzipeleka kwa mwajiri mwingine bila kumuuliza ni kujitafutia matatizo.

Hatua ya 6: Usimfiche kwa mwajiri

Moyo mweupe wako hauwezi kulipwa na mteja. Yule aliyeachwa na barua mkononi nisingempelekea jina lile tena bila kusema, na kwa kweli nilipomgusia alikataa, na ana haki yake. Sikumbishia. Nilimweleza dada hivyohivyo: "Kwa kampuni ile mlango umefungwa kwa sasa, kwingine bado uko wazi." Alishukuru kuambiwa.

Kwa mteja mpya niliandika mistari miwili: kwamba aliwahi kupewa barua ya ajira kupitia kwetu akabaki kwa mwajiri wake, na kwamba anaomba kiwango cha mshahara kitajwe mapema. Sikutaja posho wala aibu. Hayo ni yake. Mteja aliuliza swali moja, akamwita.

Hatua ya 7: Andika faili kwa maneno ambayo yeye angeweza kuyasoma

Ofisini kwetu kulikuwa na alama ya "asiyeaminika". Tuliiondoa, kwani haimwambii mwenzako chochote cha kufanya. Sasa tunaandika tukio na tarehe: "Alikaa kimya baada ya barua ya ajira. Alirudi mwenyewe. Sababu: alibaki kwa mwajiri. Thibitisha mshahara kabla ya usaili."

Na akipotea tena? Ninamtumia ujumbe mmoja, na siku tano za kazi baadaye wa mwisho: "Dada, ninaifunga nafasi hii upande wetu Ijumaa saa 10 jioni ili mwajiri aendelee. Ukiwa tayari siku nyingine, namba yangu ni hii." Ijumaa ikifika naifunga kweli, na sitampeleka tena kwenye hatua ya barua ya ajira mpaka tuwe tumekutana ana kwa ana. Salamu zake nitaendelea kuzijibu.

Yule mhasibu yuko kwenye notisi hivi sasa. Siku ya tisa mwajiri wake alimwita ofisini kuzungumzia nyongeza, naye alinipigia kabla ya kuingia.