Sevu ya tenisi: tatizo liko kwenye kigasha, chanzo kiko kwenye kurusha

Kwenye uwanja wetu wa saruji hapa Tabora, karibu kila anayeanza hupiga sevu akiwa amelaza raketi kama mhudumu aliyebeba sinia. Mpira unapaa, unatoka nje. Namwelekeza anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Kabla ya yote, shika raketi kama unavyoshika panga la kukatia tawi. Ukiishika kama kikaango, hatua ya tatu itakushinda.

1. Kurusha mpira. Ushike kwa ncha za vidole, si kiganjani. Nyoosha mkono, uinue taratibu kutoka pajani, uuachie ukifika usawa wa macho. Ukizunguka hewani, ujue vidole vimeusokota. Sasa laza raketi chini, kitako cha mpini kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kichwa kikielekea wavuni na kulia kidogo. Rusha bila kupiga, uache mpira uanguke: unatakiwa utue kwenye nyuzi. Kiangazi upepo ukizidi, rusha chini kidogo.

2. Mkao wa kombe. Mpira ukiwa juu, ganda kama sanamu iliyo juu ya kombe: mkono wa kushoto bado unauonyesha mpira, kiwiko cha kulia kiko karibu usawa wa bega, kichwa cha raketi juu, magoti yamekunjwa. Mkono wa kushoto ukishuka mapema, kifua nacho kinainama na mpira unaishia wavuni.

3. Kugeuza kigasha. Raketi ishuke nyuma ya mgongo, kisha ipande ukingo ukitangulia, kana kwamba unataka kuukata mpira vipande viwili. Karibu na mpira, kigasha kinageuka na nyuzi zinaukabili. Usisimamishe mkono hapo; baada ya kupiga, kiganja kitazame kulia na dole gumba lielekee chini.

Kuna kijana nilihangaika naye wiki nzima kwa hatua hii. Ushiko wake ulikuwa sahihi, lakini sinia halikuondoka. Nikaacha kutazama mkono, nikatazama mpira: alikuwa anaurusha nyuma ya kichwa. Hapo mgongo unapinda, na raketi haina njia ila kufunguka kuelekea mbinguni. Tukarudi kwenye raketi iliyolazwa chini hadi mpira ulipokubali kutua mbele. Kisha nikamsogeza hadi mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka wavuni, akaishika raketi katikati ya mpini na kupiga polepole.

Siku hiyo mipira ikaacha kupaa, ikaanza kukimbilia kulia. Nilifurahi, maana hiyo ni dalili kwamba kigasha kinageuka, ila kinawahi. Ukisikia mlio mkavu wa fremu badala ya nyuzi, umechelewa.