Kifua kinabana: ni hofu au ni moyo? Hatua za kufuata usiku ule ule

Mimi ni afisa tabibu katika chumba cha dharura hapa Mombasa. Wiki hii jirani yangu aliniuliza swali ambalo jamaa za wagonjwa huniuliza kila mara: "Daktari, nitajuaje kama ni moyo au ni wasiwasi tu?" Nilimjibu kwa mdomo, na sasa naliandika jibu lote.

Ukiwa nyumbani huwezi kujua kwa yakini, na wala si kazi yako kujua. Kazi yako ni kutafuta dalili ya moyo. Ukiiona hata moja, mchukulie kuwa mgonjwa wa moyo mpaka vipimo viseme vingine. Kusema "ni hofu" huja baada ya kupima, na anayepatwa kwa mara ya kwanza maishani hupimwa, hata akiwa kijana.

Hatua ya 1: Tazama saa

Iandike saa maumivu yalipoanza. Utaulizwa.

Hatua ya 2: Tafuta dalili zisizongojea

Mtu wa moyo mara nyingi hasemi "nauma". Husema kifua kimebanwa, kimekaliwa na kitu kizito, huku ameweka kiganja kizima katikati ya kifua. Maumivu hayo huweza kwenda mkono mmoja au yote miwili, shingoni, kwenye taya au mgongoni, na hayabadiliki akivuta pumzi wala akigeuka. Jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, kuzimia, au kubanwa kulikoanza akipanda ngazi au akibeba mzigo: vyote hivi ni vya kuondoka navyo sasa hivi. Kifua kikibana zaidi ya dakika 15, usingoje kingine.

Mwenye kisukari, mwanamke na mtu mzima sana huenda wasiumwe kifua kabisa. Huchoka ghafla, hukosa pumzi, au husema ni asidi ya tumbo. Dawa ya asidi ikimpa nafuu, hilo halithibitishi chochote.

Kuhusu vijana, uliza muguka na miraa. Vyote viwili huukimbiza moyo na kuleta hofu, lakini huweza pia kuibana mishipa inayoulisha moyo. Mwambie daktari ukweli, maana unabadilisha matibabu.

Hatua ya 3: Aspirini, kisha gari

Aspirini ya miligramu 300 itafunwe, isimezwe nzima. Kama dukani kuna zile ndogo za 75, ni vidonge vinne. Usimpe mwenye mzio nayo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, aliyelegea upande mmoja, wala mwenye maumivu ya kuchana yaliyoanza kwa ghafla na kupenya hadi mgongoni, kwa sababu huenda mshipa mkubwa wa damu umechanika. Diklofenaki usimpe kabisa, iwe kidonge au sindano.

Mketishe, asitembee, asiendeshe gari na asipande bodaboda. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wakikwambia gari litachelewa, tafuta teksi. Mpeleke penye kipimo cha umeme wa moyo usiku na mchana. Zahanati ya karibu isiyo nacho itakula muda wako tu. Ulizia leo, ukiwa mzima, kituo kipi mtaani kwenu kinacho. Wa Likoni wajue kilichopo upande wao kabla ya kufikiria feri.

Hatua ya 4: Sura ya shambulio la hofu

Hofu hupanda haraka na kufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka, na mara nyingi huisha kabla ya saa moja. Moyo hudunda kwa nguvu, mwili hutetemeka, na maumivu mara nyingi ni ya kuchoma, mahali ambapo mtu anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Ganzi huzunguka midomo na vidole, na wakati mwingine mikono hukakamaa na kujikunja. Sababu ni kwamba anahema kupita kiasi, anapoteza hewa ya kaboni, na madini ya kalsiamu yanayotumika kwenye damu yanapungua. Wazee wakiona mikono imejikunja husema kashikwa. Kisomo kisiwazuie kuondoka; msomeeni ndani ya gari.

Mfuko wa karatasi mdomoni siukubali hata kidogo. Kama shida ilikuwa moyo au mapafu, utakuwa umemnyima oksijeni. Mhesabie tu: avute kwa hesabu ya nne, atoe kwa hesabu ya sita. Na kumbuka, mshtuko wa moyo wenyewe huleta hofu kali ya kufa. Hofu peke yake haikuambii lolote.

Hatua ya 5: Kipimo cha kwanza kikitoka safi, usiondoke

Hapa ndipo watu hupotelea. Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kifanywe ndani ya dakika 10 tangu kufika. Sema mlangoni, kwa sauti, kwamba mgonjwa ni wa kifua. Lakini karatasi ile ni picha ya sekunde 10 tu. Mshipa unaoziba nusu na kufunguka unaweza kupigwa picha wakati umefunguka.

Cha pili ni damu, kipimo cha troponini. Hii ni protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo, na huvuja msuli unapoumia. Huchukua saa kadhaa kuonekana. Ndiyo maana damu iliyotolewa mapema hutoka safi ilhali msuli unakufa.

Chukua mama mmoja wa miaka 56, ana kisukari, yuko matangani. Saa mbili usiku anakosa pumzi, kijasho kinamtoka, anahisi uzito juu ya tumbo. Kifua hakimuumi. Wenzake wanasema ni uchungu wa msiba. Saa tatu yuko hospitalini: karatasi safi, troponini safi. Jamaa wanaomba warudi nyumbani kwa sababu maziko ni asubuhi. Wanabaki. Nusu saa baadaye karatasi inarudiwa, na safari hii baadhi ya mawimbi yamepinduka kuelekea chini. Saa sita usiku troponini ya pili imepanda kupita kiwango. Ni mshtuko wa moyo. Anaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda na analazwa.

Kwa hiyo uliza maneno haya haya: "Damu itarudiwa saa ngapi?" Mashine zenye uwezo mkubwa hurudia baada ya saa moja hadi tatu, za kawaida, saa tatu hadi sita. Mkiambiwa hairudiwi, ulizeni kwa nini. Kuna jibu moja la haki: kama kubanwa kulikwisha zamani, troponini moja iliyo safi saa nyingi baadaye inaweza kutosha. Maumivu yakirudi mkiwa mnangoja, mwite muuguzi papo hapo ili karatasi ichukuliwe wakati anaumwa. Hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote. Na vipimo vikiwa safi ilhali pumzi bado haitoshi, hasa baada ya kujifungua au kulala kitandani siku nyingi, mtajie daktari uwezekano wa bonge la damu kwenye mapafu.

Hatua ya 6: Kama kweli ni hofu

Tezi ya shingo na wingi wa damu vipimwe, kisha omba rufaa ya mshauri wa afya ya akili. Hofu hii inatibika kwa mazungumzo ya kitabibu na, kwa wengine, dawa. Likirudi shambulio lile lile, tumia kuhesabu pumzi. Likija kwa sura mpya, rudi hatua ya 2.

Omba pia nakala ya karatasi ya umeme wa moyo na uihifadhi pamoja na kitambulisho. Daktari wa siku nyingine ataiweka kando ya mpya na kuona mara moja kilichobadilika.