Picha ya Idi 1376: kupanga safu za taarifa ili picha za mtaa zipatikane

Nyuma ya picha moja tuliyoletewa kwenye hifadhi yetu ya picha za mtaa, Mji wa Kale, Mombasa, mtu aliandika kwa wino: "Idi 1376, Kilindini Rd". Mbele wamesimama wanawake watatu na watoto, na nyuma yao yanaonekana Mapembe ya Ndovu, yote manne. Tuliiskani, tukaijaza kwenye jedwali letu la Excel lililokuwa na safu tano: namba, maelezo, tarehe, mahali na mwenye picha. Kwenye maelezo tukaandika "familia siku ya Idi", kwenye tarehe "1376", bila kusema kuwa ni mwaka wa Hijria.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mjukuu wa mmoja wa wanawake wale akiulizia picha za Mapembeni, yaani hapo penye mapembe, za miaka ya hamsini. Tulitafuta "Mapembe", hakuna. Tukatafuta "Moi Avenue", jina la sasa la barabara hiyo, hakuna. Tukapanga jedwali kwa mwaka, na picha ile ikakaa juu kabisa, karne mbili kabla ya Ngome ya Yesu kujengwa mwaka 1593. Tulikuwa nayo, na yule binti akaondoka mikono mitupu. Hatua zilizo hapa chini ndizo tulizofuata kulirekebisha jedwali.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya safu

Kaa na watu kumi watakaotumia hifadhi yenu, umwombe kila mmoja akwambie picha ambayo angependa kuiona. Andika maneno yao vilevile. Kwetu waliuliza "harusi ya nyanya", "Mapembeni zamani", "mashua za bandari ya kale", "picha zilizopigwa studio". Kila swali lilimhusu mtu, mahali, tukio au wakati. Safu inayojibu swali la aina hiyo ibaki. Safu isiyojibu swali lolote, wala isiyolinda picha, iondoe, kwa sababu anayejaza atachoka na kuziruka hata zile zenye maana.

Hatua ya 2: Namba isiyobeba maana

Tulianza kwa kutumia jina la familia ndani ya namba. Kisha picha moja ikaletwa na familia mbili. Sasa tunaandika MK-0001, MK-0002 na kuendelea. Faili la mbele ni MK-0147_a na la nyuma ni MK-0147_b. Sifuri za mwanzo zinafanya mafaili yajipange sawasawa. Skani upande wa nyuma kila mara panapokuwa na mwandiko au muhuri wa studio.

Hatua ya 3: Tenganisha kilichoandikwa na unachodhani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Maneno ya nyuma ya picha ni ushahidi, ilhali tafsiri yako ni maoni, na maoni hubadilika. Vikikaa kwenye seli moja, atakayekuja baada yako hatajua kipi ni kipi. Kwa hiyo weka safu ya maandishi_nyuma inayonakili neno kwa neno, hata kama tahajia ina makosa, kisha safu nyingine za ufafanuzi wako.

Chukua tarehe ya picha yetu. Mwaka 1376 wa Hijria ulianza Agosti 1956 na kuisha Julai 1957. Idi ndogo yake iliangukia mwanzoni mwa Mei 1957 na Idi kubwa Julai 1957. Mwandishi hakusema ni ipi, lakini zote mbili ni 1957, basi mwaka tunaujua. Mapembe nayo yanakubaliana: yaliwekwa mara ya kwanza 1952 kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, yakaongezwa 1956 kwa ziara ya mdogo wake, Margaret, na hapo ndipo yakawa manne. Ungeyaona mawili tu, ungejua kuna kosa mahali fulani.

Picha nyingi hazina bahati hiyo. Kwa tarehe zenye shaka tumia EDTF, mtindo wa kuandika tarehe kwa alama zinazoonyesha shaka, ambao sasa umo ndani ya kiwango cha ISO 8601-2. "1957~" ni karibu na 1957, "1957?" ni 1957 lakini huna hakika, "195X" ni mwaka wowote wa hamsini, "1952/1956" ni muda kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Usilazimishe mwaka mmoja pale unapojua muongo tu.

Excel haielewi alama hizo, kwa hiyo ongeza safu mbili za namba tupu, mwaka_mwanzo na mwaka_mwisho. "195X" inakuwa 1950 na 1959. Anayetafuta 1957 huchuja picha ambazo mwanzo wake hauzidi 1957 na mwisho wake haupungui 1957. Na kabla ya kuandika chochote, igeuze safu ya tarehe kuwa Text; usipofanya hivyo, "1957-05" itageuzwa kuwa tarehe kamili ambayo hukuiandika.

Hatua ya 4: Mahali kwa majina yote matatu

Barabara ya Kilindini leo ni Moi Avenue, na watu wa mtaani husema Mapembeni. Kila jina ni la mtafutaji tofauti. Tumeweka safu mahali_sasa, yenye jina moja linaloandikwa vilevile kila mara kutoka kwenye orodha, na safu mahali_mengine kwa majina ya zamani na ya mtaani.

Watu tumewafanyia hivyohivyo, kwa karatasi ya pembeni: jina moja la kutafutia, kisha tahajia nyingine (Fatma, Fatuma) na jina la heshima au la utani. Kwenye picha waorodheshe kutoka kushoto kwenda kulia, na usiyemjua mwandike "hajulikani" ili nafasi yake isipotee.

Hatua ya 5: Maneno ya mada, machache na yaliyofungwa

Tengeneza orodha moja ya maneno ya mada, na anayejaza achague humo tu. Maneno thelathini yanatosha kwa kuanzia. Kabla ya orodha tulikuwa na "harusi", "arusi" na "ndoa", na aliyetafuta moja alizikosa mbili.

Hatua ya 6: Ruhusa ijazwe siku picha inapopokewa

Picha nyingi za nyumbani zinaonyesha wanawake bila buibui, kwa sababu mpigaji alikuwa ndugu yao. Familia ikikuletea picha kama hiyo haijasema uiweke hadharani. Sisi tuna thamani tatu: wazi, familia, imefungwa. Seli ikiwa tupu, ihesabu kuwa imefungwa. Mwulize mleta picha akiwa bado ameketi mbele yako.

Picha yetu sasa iko hivi, tukiacha safu za watu na maelezo:

```
kitambulisho:    MK-0147
maandishi_nyuma: Idi 1376, Kilindini Rd
tarehe_edtf:     1957
mwaka_mwanzo:    1957
mwaka_mwisho:    1957
sababu_tarehe:   Idi zote za 1376 ni 1957; mapembe manne
mahali_sasa:     Moi Avenue
mahali_mengine:  Kilindini Road | Mapembeni
mada:            idi | familia | mapembe
ruhusa:          familia
```

Hatua ya 7: Jaribu kwa picha ishirini

Wape watu wawili picha ishirini zilezile, kila mmoja ajaze peke yake, kisha linganisha. Safu waliyotofautiana zaidi ya mara nne au tano haina kanuni ya kutosha. Andika kanuni hiyo juu ya safu yenyewe, pamoja na mfano. Halafu mwite mtu wa tatu ambaye hakujaza, umpe yale maswali ya hatua ya kwanza atafute. Kwetu "mashua za bandari ya kale" ilishindikana, maana mjazaji mmoja aliandika "jahazi" na mwingine "dau". Tuliongeza neno "chombo" kwenye orodha ya mada, na majina ya aina za vyombo tukayaacha kwenye maelezo.