Ankara isiende EFRIS mara mbili

Kama ERP yenu, mashine za mauzo za Mbarara na programu ya ghala kila moja inatuma ankara EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, kwa kiungo chake, chunguzeni mtandao ukikatika katikati. Ankara imefika, namba ya FDN ambayo EFRIS huipa ankara haijarudi, mfumo unadhani imepotea na unatuma tena. Mauzo ya shilingi 1,180,000 yakihesabiwa mara mbili, VAT ya 180,000 inakuwa 360,000. Nimeona mhasibu akihangaika na noti za kurekebisha hadi usiku, inauma.

Hapo ndipo programu ya kati, inayokaa kati ya mifumo yenu na EFRIS, inasaidia. Mifumo yote iweke ankara kwenye foleni yake, na namba ya ankara iwe ufunguo. Jibu lisiporudi, programu iulize kwanza kama namba ile imeshapokelewa. Ikiwa ndiyo, ichukue FDN na kuirudisha kwenye ERP. Sheria hiyo mnaiandika mara moja, si mara tatu.

Lakini programu hiyo ikisimama, utumaji wote unasimama. Wekeni tahadhari ankara ya kwanza ikikaa kwenye foleni zaidi ya dakika kumi. Kwa mfumo mmoja tu, kiungo cha moja kwa moja chenye ukaguzi huohuo kinatosha.